Kuingia kwa Google au kwa Facebook: ipi ikufae?

Tuseme unatengeneza programu ya wakulima wa korosho wa Newala na Masasi, waone bei za mnada. Unachohitaji ni kumtambua mtu akirudi, basi. Marafiki na picha zake havikuhusu.

Kwa Google, ombi dogo kabisa ni hili:

```
scope=openid
```

Unarudishiwa `sub`, namba isiyobadilika. Ihifadhi hiyo kama utambulisho, si baruapepe, maana baruapepe huweza kubadilika. Ukitaka baruapepe, ongeza `email`.

Facebook huanzia `public_profile`, yaani unapewa ruhusa ya kuona jina na picha hata usipoitaka. Hapo Google inashinda. Tena ukiiomba Facebook `email`, usiitegemee: aliyejisajili kwa namba ya simu huenda hana, na mwingine huikataa palepale. Ukiifanya safu hiyo kuwa ya lazima kwenye hifadhidata, usajili utagoma kwa watu wale wale uliowalenga.

Google nayo ina kero yake. Ukifungua ukurasa wa kuingia ndani ya WebView, inakataa na kuonyesha `disallowed_useragent`. Tumia kivinjari cha simu. Kwa matunzo, Facebook itakudai pia njia ya mtumiaji kufuta data zake.

Wateja wako wana Android? Akaunti ya Google kwa kawaida imo tayari, hata kama ilifunguliwa na kijana wa dukani na nywila haikumbukwi. Wanakufuata kupitia ukurasa wako wa Facebook? Anza na huko, bila `email`.