Mishale mingi kwenye mchoro: kuiunganisha au kuigawa?

Pete moja inavutwa na kamba tano: N 50 kulia, N 20 kushoto, N 30 juu, N 10 chini, na N 50 nyingine kuelekea kushoto-juu, nyuzi 53 kutoka mstari wa mlalo. Kani ya jumla inaelekea wapi?

Njia ya kwanza ni kuichora mishale ya kani hizi upya kwa kipimo, mkia wa mmoja ukianzia kwenye ncha ya mwingine. Jibu ni mshale kutoka mwanzo hadi ncha ya mwisho. Unaliona kwa macho, lakini ukikosea pembe kwa nyuzi 2 tu, ncha ya mshale wa sentimita 5 inahama karibu milimita 2, na jibu linainama.

Mimi kwa mchoro uliosongamana hugawa kila mshale katika sehemu ya mlalo na ya wima. Mshale wa mshazari pekee ndio wenye kazi: 50 × cos 53° ni kama N 30 kushoto, na 50 × sin 53° ni kama N 40 juu. Mlalo: 50 − 20 − 30 = 0. Wima: 30 − 10 + 40 = 60. Kani ni N 60, juu wima, ingawa mchoro ulionekana kuegemea kushoto. Hatari hapa ni alama: ukisahau kutoa ile 30, jibu litainama kulia, na mchoro wa haraka wa njia ya kwanza utakuumbua mara moja.