Uzoefu wangu na GIMP: kupima kama mhusika wa gemu anaonekana

Wengi tunaijua GIMP kama programu ya bure ya kukata picha na kuandika matangazo. Mimi nimeitumia kwa kazi nyingine, nayo imenifaa kuliko nilivyotarajia: kulinganisha picha za skrini za gemu moja iliyochorwa kwa mitindo mitatu, ili tujue mtindo upi unamwonesha mhusika vizuri na upi tutaweza kuushika bila kuyumba hadi gemu iishe. Naandika kuhusu toleo la 2.10.

Gemu yenyewe ni ndogo. Mwenzangu anaandika msimbo kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, mimi nachora. Msichana aliyejifunga kanga ya rangi ya chungwa anapeleka mizigo sokoni. Njiani anakutana na mchukuzi mwenye mkokoteni, mama muuza samaki, na paka anayeiba. Wachezaji tunaowalenga wanatumia simu za bei nafuu, zenye skrini ya upana mfupi wa pikseli 720. Tukachora tukio lile lile mara tatu, kila mtu akiwa mahali pale pale: kwanza kwa pikseli kubwa, kisha kwa vekta yenye rangi bapa kwa kutumia Inkscape, halafu kwa brashi ya rangi za mkono kwa kutumia Krita. Kama tukio halifanani, utajikuta unalinganisha mpangilio wa picha badala ya mtindo wake.

Kabla ya kufungua GIMP, hakikisha picha yenyewe ni safi. Ukiipiga skrini kwa simu kisha ukaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kingo za rangi zinachafuka. Itume kama faili, na iwe PNG. Sisi tuliweka kitufe ndani ya gemu kinachoendesha mstari huu:

```
get_viewport().get_texture().get_image().save_png("user://mtindo_a.png")
```

Toleo la pikseli tumelitengeneza kwa ukubwa wa 320 kwa 180, kwa hiyo ili lilingane na mengine mawili ya 1280 kwa 720 lazima likuzwe mara nne. Hapa GIMP inataka uangalifu: kwenye Image > Scale Image, sehemu ya Interpolation huja ikiwa na chaguo linalolainisha kingo. Weka None, la sivyo pikseli zinakuwa na ukungu na utaulaumu mtindo bure.

Jaribio lililonifungua macho ni la kuondoa rangi. Unaenda Colors > Desaturate > Desaturate, unachagua Luminance, na picha inabaki kijivu kulingana na mwangaza ambao jicho linauona. Toleo letu la pikseli lilitumia seti ya rangi 16 iliyopangwa na mchoraji DawnBringer, ambazo wachoraji wa pikseli wanazifahamu sana. Kanga ya msichana ilikuwa #D27D2C, chungwa lililoiva. Majani aliyosimama juu yake yalikuwa #6DAA2C, kijani cha wazi. Kwa macho, chungwa juu ya kijani kunapendeza, na kila tuliyemwonesha aliisifu picha. Nilipoondoa rangi, msichana alipotea kuanzia kifuani hadi miguuni. Kilichobaki ni kichwa kinachoelea.

Ukibofya kwa kifaa cha kuchukua rangi unaona sababu. Kwenye kipimo cha kijivu, ambacho 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, kanga ilikuwa karibu 146 na majani karibu 154. Tofauti ya hatua nane tu! Aina ya rangi ilikuwa tofauti kabisa, lakini mwangaza ulikuwa karibu uleule, na jicho hutegemea mwangaza zaidi kuliko aina ya rangi linapotafuta ukingo wa kitu kidogo. Anayecheza kivulini nyumbani atamwona msichana kwa rangi yake. Anayecheza kituoni jua likimulika skrini, au mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, atamtafuta.

Dawa haikuwa kubadilisha kanga, maana kanga ya chungwa ndiyo utambulisho wake. Tulibadilisha ardhi. Majani tukayatia kijani cheusi zaidi cha seti ileile, #346524, ambacho kwenye kijivu ni karibu 90. Kisha kanga ikapata pindo la #DEEED6, karibu 233, upana wa pikseli moja. Kijani cha wazi kikabaki kwa vichaka vya pembeni ambako mchezaji hapiti. Hatukuongeza rangi hata moja. Tulizigawa upya, rangi za kati zikawa za wahusika na zenye giza zikawa za ardhi. Nilipoondoa rangi tena, msichana alionekana mzima, na lile pindo likaonesha hata upande alikogeukia.

Toleo la vekta lilifaulu jaribio hili bila taabu, kwa kuwa rangi bapa hukulazimisha uchague mapema. Toleo la brashi ndilo lililoumia. Ukuta wa duka ulikuwa na mikwaruzo mizuri ya rangi, na nguo za mchukuzi zilikuwa na mikwaruzo ya aina hiyohiyo, basi mtu na ukuta vikaingiliana. Si kwamba mtindo huo haufai. Hollow Knight, gemu iliyotolewa na timu ndogo ya Australia mwaka 2017, imechorwa kwa mkono na mandhari yake ina mengi, lakini mhusika mkuu ana uso mweupe juu ya joho jeusi, na uso huo huwezi kuupoteza. Sisi tulikuwa hatujampa mchukuzi wetu kitu kama hicho.

Jaribio la pili ni la umbo jeusi. Kila mhusika awe kwenye leya yake yenye nyuma tupu. Unafunga uwazi kwa Lock alpha channel, kisha unaijaza leya kwa rangi nyeusi. Kinachobaki ni umbo bila sura wala nguo. Valve walipotengeneza Team Fortress 2, iliyotoka mwaka 2007, walihakikisha kila mmoja wa wahusika wake tisa anatambulika kwa umbo tu, ndiyo maana unamjua adui akiwa mbali kabla hujaona uso wake. Tulipowapanga wetu wanne, mkokoteni ulimtambulisha mchukuzi mara moja, na paka hakuhitaji maelezo. Shida ilikuwa msichana na mama muuza samaki. Wote wawili wamejifunga kanga, wote wawili wakawa pembetatu yenye kichwa juu. Mama tukamtwika beseni kichwani, tena pana kuliko mabega yake, na msichana tukamfupishia kanga hadi magotini ili miguu ionekane ikitembea. Marekebisho hayo yalifaa mitindo yote mitatu, maana umbo halitokani na brashi.

Kuhusu kushika mtindo mmoja bila kuyumba, kifaa kilichonisaidia zaidi ni gridi. Kwa picha iliyokuzwa mara nne, fungua Image > Configure Grid, weka nafasi ya pikseli 4 kila upande, kisha View > Show Grid. Kila pikseli ya mchoro inatakiwa ijae kisanduku kimoja kamili. Tulikuwa tumejaribu kuchanganya michoro yetu na vigae vya bure vya Kenney, mtengenezaji wa michoro ya gemu, ambavyo vina leseni ya CC0 na unaruhusiwa kuvitumia hata kwenye gemu ya kuuza. Vigae vilikuwa vya pikseli 16, yetu ilikuwa ya 32, kwa hiyo mwenzangu alivikuza mara mbili ili vitoshe. Bila gridi unahisi tu kwamba pipa na mama muuza samaki si wa dunia moja. Ukiiwasha, unaona kila nukta ya pipa imekalia visanduku vinne wakati nukta ya mama imekalia kimoja. Kasoro hiyo hairekebishwi kwa rangi. Pipa lazima lichorwe upya kwa nukta ndogo, au wahusika wote wachorwe kwa nukta kubwa.

Vekta nayo ina mtego wake. Ukimkuza mhusika ndani ya Inkscape, kuna kitufe kinachoamua kama unene wa mstari wa ukingo utakua pamoja naye. Kikiwa kimewashwa, paka uliyempunguza anakuwa na mstari kama uzi na mchukuzi uliyemkuza anakuwa na mstari kama kamba. Ukiwaweka kwenye picha moja ya skrini na kuwasogeza bega kwa bega kwa Edit > Copy Visible na kubandika, tofauti inaonekana wazi. Kwa brashi sikupata kipimo cha namna hiyo. Hapo kinachoamua ni mkono wa mchoraji, na sisi tukiwa wawili tu, nikiumwa hakuna wa kuendeleza mkono uleule. Hilo lilitosha kuuondoa mtindo huo.

Tumechagua pikseli. Ningeichagua vekta kama gemu ingekuwa ya kompyuta, lakini kwenye simu ya 720 mistari myembamba ya usoni ilikuwa inakatika, wakati 320 kwa 180 inaingia mara nne kamili na kila nukta inabaki mraba.

Malalamiko yangu kwa GIMP ni machache. View > Display Filters ina Color Deficient Vision, inayokuonesha picha kama aionavyo mtu asiyetofautisha rangi fulani, na ni kifaa kizuri sana. Lakini inabadilisha mwonekano wa dirisha tu, ukihifadhi faili haimo, kwa hiyo ili kumtumia mwenzangu nililazimika kupiga picha ya dirisha lenyewe. Kupanga picha nyingi ubavuni nako ni kazi ya mkono leya kwa leya. Kwa picha zaidi ya tatu au nne utachoka.

Kuna jambo ambalo picha ya skrini haiwezi kukuonesha kwa programu yoyote, nalo ni mwendo. Paka wetu wa kijivu alikaribia kupotea kwenye sakafu ya saruji, ila akianza kukimbia jicho linamdaka papo hapo. Kinyume chake pia hutokea: mhusika anayesomeka vizuri akiwa amesimama anaweza kuwa fujo akiruka. Celeste ya mwaka 2018, ambayo nayo imechorwa kwa 320 kwa 180, inabadilisha nywele za mhusika kutoka nyekundu kuwa bluu pale anapotumia uwezo wake wa kuchupa angani, na mabadiliko hayo unayaelewa gemu inapotembea. Kwa hiyo paka tumemwacha na kijivu chake kwanza, na uamuzi wa mwisho tutautoa akiwa anakimbia ndani ya Godot, kwenye simu, nje juani.