Peroksaidi bila kikopo chake: uzoefu wangu

Muuzaji nampa nyota moja, tena kwa shingo upande. Maji yenyewe sijui niyape ngapi.

Juzi juzi nilifungua boksi la maji ya hidrojeni peroksaidi ya kusafishia lenzi za kuvaa jichoni nikakuta chupa peke yake. Kile kikopo kirefu cha kusimama hakimo. Kumpigia muuzaji, ananijibu kama anayefukuza nzi: "Si una kile cha zamani? Maji ya lenzi ni maji ya lenzi." Na huyu anauza vitu vya macho!

Hayo "maji" ni peroksaidi ya asilimia 3. Kifuniko chekundu cha chupa hakikuwekwa kwa urembo. Kinachoyafanya yafae jichoni ni kikopo: chini ya vijikapu vya lenzi kuna kigurudumu kidogo kilichopakwa platinamu, nacho ndicho kinachoivunja peroksaidi ikabaki maji ya chumvi na oksijeni. Yale mapovu ndiyo oksijeni yenyewe ikitoka. Kikopo bapa cha vishimo viwili hakina platinamu, kwa hiyo ukilaza lenzi humo usiku kucha, asubuhi peroksaidi bado ni kali. Ukivaa, jicho linawaka moto na kope zinajibana, na hapo ndipo unapotakiwa kuitoa lenzi upesi, uoshe jicho kwa maji mengi kama robo saa, kisha umwone daktari maumivu yasipotulia. Hicho ndicho alichokuwa ananishauri.

Na hata hicho "cha zamani" chenye platinamu hakifai. Kigurudumu huchoka, ndiyo maana kila chupa mpya huja na kikopo kipya na cha zamani hutupwa. Dalili ya kuchoka ni mapovu machache mwanzoni, ila mapovu mengi nayo si ruhusa ya kuvaa mapema. Jaza hadi mstari, funga, kikopo kisimame wima, uhesabu saa 6 kamili. Ukiongeza peroksaidi hata tone katikati, au ukisuuza lenzi kwa peroksaidi asubuhi kabla ya kuvaa, umeharibu kazi yote.

Kwa nini basi mtu ahangaike, na maji ya kazi zote yapo, unasugua, unasuuza, unaloweka, unavaa? Kwa sababu ya vihifadhi. Maji hayo yana kemikali za kuua vijidudu ambazo hazivunjwi usiku. Lenzi inazinyonya, kisha inaziachia taratibu juu ya jicho. Chukua mtu anayevaa lenzi za mwezi za silikoni haidrojeli. Asubuhi hana neno, lakini baada ya saa mbili au tatu jicho linachoma na kuwa jekundu. Daktari akitia rangi ya manjano anaona vidoa vidogo vidogo vimetapakaa kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Lenzi zile zile, macho yale yale. Abadilishe maji tu, tena aanze na lenzi mpya, maana za zamani zimeshanyonya. Akitulia, mkosaji ni kihifadhi, na mtu huyo akae mbali na maji ya kazi zote. Lakini kama muwasho unaanza jioni tu, baada ya kutwa nzima mbele ya skrini, nashuku ukavu kwanza, na peroksaidi haitamsaidia sana.

Kwa macho yanayokataa vihifadhi, basi, peroksaidi ni nyota tano. Nilitaka kuishia hapo, ila hasira hazijaisha. Anayevua lenzi kupumzika saa mbili kisha avae tena, asiiguse. Anayepapasa chupa bila kuona vizuri, au anayeishi na watu wanaochanganya chupa bafuni, asiiguse pia. Na anayevaa lenzi mara moja moja afikirie mara mbili: peroksaidi ikishavunjika, kinachobaki ni maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, hayaui tena chochote. Lenzi zikikaa humo kupita siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ziloweke upya kwa peroksaidi mpya, na saa 6 zianze tena. Kwake huyo, kama macho yake hayalalamiki, maji ya kazi zote ni salama zaidi, mradi asugue lenzi hata kama chupa inajigamba kwamba si lazima, na amwage ya jana badala ya kuongezea juu yake.

Kusema kweli, kwa jicho linalolalamikia kila kitu nisingependekeza chupa yoyote kati ya hizi. Muulize daktari lenzi za siku moja: unavaa, unatupa, hakuna cha kuloweka. Nyota yangu moja kwa muuzaji inabaki hadi alete kikopo.