Seva imeamka, ujumbe bado "Pending"

Sikuwa na nia ya kuandika. Nimeitumia huduma hii ya kusambaza webhuku, yaani ujumbe ambao mfumo mmoja huutumia mwingine pale tu jambo linapotokea, muda mrefu tu bila kulalamika, na mpaka mwezi uliopita, kama sijakosea, ningeipa nyota tano kwa macho yaliyofumba. Jina silitaji. Wenyewe watajijua.

Seva yangu ilizimika saa 5 kasoro usiku kwa sababu diski ilijaa logi. Kosa langu, sibishi. Nikaiamsha saa 8 kamili usiku, nikafungua dashibodi yao nikitarajia kuona foleni ikipungua. Nikakuta ujumbe 412, wote "Pending", na hakuna unaosogea. Nikaufungua mmoja, wa oda iliyowekwa saa 5 usiku, na hatimaye historia yake ilikuja kuwa hivi, 502 ikiwa seva haikujibu na 200 ikiwa imepokea:

```
23:00:00  502
23:00:05  502
23:05:05  502
23:35:05  502
01:35:05  502
06:35:05  200
```

Jaribio la kwanza papo hapo, kisha subiri sekunde 5, dakika 5, dakika 30, saa 2, saa 5. Kurefusha nafasi namna hiyo kuna mantiki: seva iliyoanguka ukiigongea kila sekunde haitainuka. Lakini angalia mstari wa tano na wa sita. Jaribio la saa 7:35 usiku lilinikosa kwa dakika 25 tu, na adhabu yake ikawa kungoja hadi saa 12:35 asubuhi, ilhali seva iko macho.

Nikaandika kwa huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, mfumo unafanya kazi kama ulivyopangwa. Tafadhali subiri." Nikauliza, je, naweza kuutuma upya wote kwa pamoja? "Kitufe cha kutuma upya kipo kwenye kila ujumbe." Kwa hiyo nibonyeze mara 412! Na mwisho akaniwekea kiuso cha tabasamu. Usiku ule tabasamu lile lilinichoma kuliko hitilafu yenyewe.

Tukiwa bado tunajibizana, ikafika saa 8:35. Mfumo wangu wa malipo, ambao hauko kwenye seva hii, huhuisha michango ya wanachama saa 6 kamili usiku, yote kwa mkupuo, kwa hiyo ujumbe wake karibu 300 ulizaliwa ndani ya sekunde moja. Na kwa kuwa ratiba yao haichanganyi hata sekunde chache za bahati nasibu, yote ilirudi ndani ya sekunde moja vilevile. Hifadhidata yangu hupokea miunganisho 20 kwa wakati mmoja. Nusu ya ujumbe ulikatiwa kwa kuchelewa kujibiwa, ukapangiwa kungoja saa 5 nyingine. Wangeutawanya ndani ya dakika mbili tatu tu, seva ingeumeza wote.

Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota moja. Lakini asubuhi likatokea jambo lililonipunguza makali.

Mteja alinipigia simu: "Nilighairi jana usiku, mbona mnaniambia oda inaandaliwa?" Nikafuatilia. Oda yake ni ile ya saa 5. Alighairi saa 7:50, na ujumbe wa kughairi, kwa kuwa ulikuwa mchanga, majaribio yake bado yalikuwa ya karibu karibu, ukapenya saa 8:25. Msimbo wangu ukaitafuta oda, haukuiona, ukaandika mstari mmoja kwenye logi na kujibu 200. Kwa huduma, 200 maana yake umepokelewa, kazi imekwisha. Saa 12:35 oda yenyewe ikaingia, na hakukuwa na kitu cha kuizuia.

Hilo si lao. Hawajawahi kuahidi kwamba ujumbe utafika kwa mpangilio, na katika ratiba yoyote inayorefusha nafasi, mdogo anaweza kumtangulia mkubwa. Sasa nimeacha kuamini kilichomo ndani ya ujumbe. Nauchukua kama kengele tu, kisha naenda kuuliza hali ya oda ilivyo sasa hivi. Na `webhook-id`, namba za kuutambua kila ujumbe, nazihifadhi ili nisiushughulikie mara mbili, maana ule uliokatiwa saa 8:35 mwingine ulikuwa umeshashughulikiwa, na uliporudi saa 1:35 asubuhi baadhi ya wanachama walihuishiwa mara mbili.

Basi nyota tatu? Nilikuwa nimeshaandika tatu. Kisha nikakumbuka kwamba tangu saa 8 usiku ujumbe mpya ulikuwa ukipokea 200 kwenye anwani ileile. Wao waliona. Mfumo wao ulijua seva iko hai, na bado ukaiacha ile ya zamani ilale hadi zamu yake. Kuivuta mbele kidogo kidogo pale tu jaribio moja linapofaulu si jambo kubwa, na kitufe kimoja cha "tuma yote tangu saa fulani" ni kazi ndogo zaidi.

Nyota mbili. Moja ni kwa ile historia ya majaribio, ambayo ni safi kweli. Yule wa tabasamu hana yake.