Kabla hujalipia programu ya kukata picha, ijaribu kwa spoki

Nauza baiskeli za mtumba hapa Kisumu, na wateja wangu wengi huziona kwanza kwenye simu. Nikitoa nyasi za nyuma, baiskeli hupendeza. Shida ni magurudumu: programu moja iliniachia nyasi zote katikati ya spoki, nyingine ikafuta spoki zenyewe, rimu ikabaki ikielea.

Sababu ni hesabu tu. Picha yangu ina pikseli 4000 kwa upana na baiskeli inachukua kama 3400, kwa hiyo spoki ya milimita 2 hupata pikseli 4. Lakini programu haisomi picha nzima ilivyo. Huipunguza kwanza, halafu hukadiria kwa kila pikseli kama ni kitu au ni nyuma, kisha huivuta ramani hiyo hadi ukubwa wa awali. U2-Net, modeli ya akili bandia ya mwaka 2020 inayotumika sana ndani ya programu hizi, hupunguza hadi 320 kwa 320. Hapo spoki yangu inabaki thuluthi moja ya pikseli. Haionekani tena, basi gurudumu linakisiwa kuwa sahani moja au tundu moja.

Kwa hiyo nazipanga hivi.

Ya kwanza ni rembg, ya bure, kwa mwenye kompyuta na subira ya kusakinisha Python. Usitumie modeli inayokuja nayo, ambayo ni hiyohiyo U2-Net. Chagua hii inayosoma 1024 kwa 1024:

```
rembg i -m isnet-general-use baiskeli.jpg toka.png
```

Spoki sasa inapata karibu pikseli moja. Bado ni kidogo, kwa hiyo mimi hutoa kila gurudumu kama picha ya peke yake kutoka picha ya awali, na kulipitisha kwenye rembg. Lina upana wa pikseli 1300 hivi, halipunguzwi sana, na spoki hubaki na pikseli 3. Kisha nayarudisha magurudumu mahali pake kwa GIMP, programu ya kuhariri picha.

Ya pili ni huduma za mtandaoni zinazotoza kwa kila picha. Nyingi hukupa bure picha ndogo tu, na kwenye picha ndogo kasoro za spoki hujificha. Lipia picha moja, iweke juu ya rangi nyekundu, uivute karibu, ndipo ununue zaidi.

Ya mwisho ni kitufe cha bure kwenye simu. Kwa viatu na sufuria kinatosha kabisa.

Chupa ya plastiki na taa ya kioo hazina programu ninayoiamini. Hata ikipatia kwamba kioo kinapitisha mwanga nusu, kijani cha nyasi kimeshachanganyika na rangi ya kioo, na kitabaki humo ukiweka nyuma nyeupe. Hizo nazipiga mbele ya shuka jeupe tangu mwanzo, na sizikati.