Chanjo za wiki ya 6: kliniki naipa nyota 4, ile nyota ya 5 imeliwa na chupa ya dawa

Jamani wazazi wapya, juzi nimempeleka mwanangu chanjo za wiki ya 6 na nina ya kusimulia. Ile ya kuzaliwa, BCG ya begani, haikutusumbua kabisa, ila karibu na wiki ya 5 kikatoka kipele chenye usaha nikadhani kaumwa na mdudu. Nesi akacheka, akasema ndo inavyokuwa, kisikamuliwe wala kupakwa chochote, kitapasuka, kitakauka chenyewe na kuacha kovu.

Siku yenyewe tulipata matone mdomoni na sindano mbili. Ya paja la kushoto ni pentavalenti, inakinga magonjwa matano kwa mpigo: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo ile ya Hib. Paja la kulia ikawa ya nimonia. Nikamuuliza nesi kwa nini wasitumie paja moja, akasema wakijua ipi iko wapi, paja likivimba wanajua ni ya nini. Hiyo nilipenda. Nikambana mtoto kifuani nikamnyonyesha wakati anachomwa, kalia kidogo tu akarudi kunyonya. Halafu tukakaa nusu saa kabla ya kuondoka, maana mzio mkali ukitokea mara nyingi unatokea mapema, bora ukukute pale pale.

Sasa usiku. Kama saa mbili hivi mtoto kaanza kulialia, paja la kushoto limevimba na gumu ukigusa, kipimajoto kinasoma 38.4. Shangazi yangu akataka kulikanda na maji ya moto na kulichua kwa mafuta, nikamwambia shangazi samahani, nesi kakataa, kuchua kunazidisha maumivu. Tukaweka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi na kukamuliwa, tukampunguzia nguo akabaki na moja nyepesi, na ziwa kila akitaka.

Ile nyota niliyoitoa inakuja hapa. Nesi alishampima, kilo 4.8, akaniambia akipata homa "mpe parasetamoli mililita 2 na nusu" basi, hakusema ya chupa gani! Nyumbani nilikuwa na chupa ndogo ya matone ya parasetamoli tuliyopewa zawadi, nimeshavuta 2.5 kwenye bomba, ndo nikasoma lebo: miligramu 100 kwa kila mililita 1. Yaani ningempa miligramu 250! Yeye alikuwa anaongelea sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5, ambayo 2.5 yake ni miligramu 60 tu. Nilimpigia simu akathibitisha, akanifundisha na hesabu: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo kwa kilo 4.8 ni kati ya 48 na 72, hiyo 60 inakaa katikati. Ile ya matone ingekuwa zaidi ya mara nne. Mikono ilinitetemeka, wallahi. Basi jamaa yangu akaenda kutafuta sirapu yenyewe tukampa 2.5, ukirudia ni baada ya saa 4 hadi 6 na isizidi mara 4 kwa siku nzima. Na kabla mtoto hajafika miezi 2 usijipangie mwenyewe, uliza kwanza. Aspirini ndo usiguse kabisa.

Baada ya saa moja ikashuka 37.6, akalala. Kesho yake alikuwa msinziaji kidogo, siku ya pili mzima kabisa. Kijivimbe kimebaki kama punje ya maharage chini ya ngozi, hakimuumi, wanasema kinaweza kukaa hata wiki kadhaa.

Niliambiwa nikimbie hospitali bila kusubiri homa ikipita siku 2 au ikifika 39, akilia mfululizo zaidi ya saa 3, akipata degedege, akilegea au akikataa kunyonya, na akivimba uso au akipumua kwa shida. Nimebandika hiyo mlangoni.

Kuhusu ratiba, sisi tunaenda wiki ya 6, 10 na 14 halafu surua miezi 9, nchi nyingine wanaanza miezi 2, fuata kadi yako. Ukichelewa hurudii mwanzo, unaendelea ulipoishia. Ya surua homa na vipele huja baada ya wiki moja hivi, sio usiku ule ule, kwa hiyo msije mkashangaa. Wiki ya 10 naenda na chupa ya sirapu mkononi, nesi atanionyesha mstari wa bomba kwa kidole chake mwenyewe.