Picha za 3D za jengo letu: zinki bila kivuli, na jibu la dharau

Nimelipa hela nzuri kwa ofisi moja ya picha za 3D hapa Dar na bado nina hasira. Jengo lenyewe ni la maonyesho, Arusha: chuma kilichoachwa kishike kutu makusudi chini, zinki ya mishono iliyosimama juu, alumini ya anodaizi kuzunguka madirisha.

Kilichoniudhi zaidi ni zinki. Ukuta wa mbele una mita 8 na kila bamba lina upana wa sentimita 50, kwa hiyo kuna mabamba 16 na mishono 15 kati yake. Mshono huinuka milimita 25 na kutupa kivuli chembamba upande usio na jua. Wao walichora mistari tu juu ya uso bapa, jua linapiga kutoka kushoto, kivuli hakuna hata kimoja! Isitoshe, bamba la unene wa milimita 0.7 halikosi mawimbi madogo kati ya mishono, na hayo ndiyo yanayokatakata mng'ao. Yakikosekana, jicho linaona rangi ya kijivu iliyopakwa ukutani.

Nilimpigia kijana anayesimamia kazi. Akanijibu, "Dada, mteja haangalii mistari." Mteja wangu ni mzee aliyeezeka mabati maisha yake yote. Swali lake la kwanza alipoona picha: "Haya mabati yameshikiliwa na nini?"

Chuma cha kutu nacho, kwenye mipangilio ya programu ya 3D walikipa Metallic 1, yaani chuma kitupu, kikang'aa utadhani sufuria ya shaba. Kutu ni oksaidi, haina mng'ao wa chuma kitupu. Weka Metallic 0 na Roughness karibu 0.9, basi. Halafu rangi ya chungwa ile ile kila mahali, wakati hiyo ni ya mwanzoni tu. Kikikomaa huwa kahawia nzito, na mvua huacha michirizi kwenye zege iliyo chini. Zege yao ilikuwa nyeupe safi.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Lakini alumini, haki yao niwape, ni nzuri ajabu. Mng'ao umetulia, unabadilika kidogo ukihama pembe. Mabamba jirani yanapishana rangi kwa kiasi kidogo sana, kama yanavyopishana kweli yakitoka kwenye mafungu tofauti ya kiwandani. Maungio yameachwa wazi milimita 15, ndani giza. Niliiangalia muda mrefu.

Basi nyota tatu? Hapana. Kumbe mle ndani yumo mtu anayejua, na zinki yangu hakupewa yeye! Nabaki na mbili. Ukienda kwao, ulizia aliyetengeneza alumini, na kabla ya kulipa malipo ya mwisho dai picha ya karibu ya kona ambapo mishono ya ukuta inakutana na ya paa. Yangu ilikatikia hewani.